Kila "ng'ombe" wangu kawa "ngâ€™ombe" baada ya kuhifadhi kama maandishi matupu. Napona vipi?

Mwandishi wa Usiku #1
Wakuu, salaam. Nina mswada wa hadithi wenye sura tano, niliuandika kwenye Word. Mtu wa kupanga kurasa akasema hataki docx, anataka faili za .txt tu. Nikamtumia. Jana karudisha na ujumbe wa mstari mmoja: "Hii ni lugha gani?"

Sura ya 1 mpaka ya 3, kila penye ng' pamekuwa hivi: ngâ€™ombe, kungâ€™oa, ngâ€™ambo. Sura ya 4 pana kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani: ng�ombe. Sura ya 5 ng'ombe wako salama kabisa, ila majina niliyoandika kwa hati ya Kiarabu yote yamekuwa ???? ????. Mswada mmoja, mwandishi mmoja, magonjwa matatu. Na kibaya zaidi, docx yenyewe siioni, nilibadilisha kompyuta.

Chapa Nene #2
Hiyo ni fonti mkuu. Kompyuta ya mwenzio haina fonti uliyotumia. Mwambie aweke fonti ileile, yatanyooka.

Kidole Tumbo #3
"Hii ni lugha gani" 😂 Mjibu kwamba ni Kiswahili sanifu cha mwaka 3000.

Fundi Mitambo #4
Si fonti. Ni usimbaji. Fungua faili, nenda kuhifadhi upya, pale kwenye Encoding chagua UTF-8, hifadhi. Dakika moja tu. Mimi huwa nafanya hivyo kila siku.

Tarishi #5
Mwandishi, USIHIFADHI kitu chochote kwanza. Fundi Mitambo kapatia ugonjwa, kakosea dawa. Nakili faili zote tano kwenye folda nyingine, kisha tuzungumze.

Chapa Nene, fonti ikikosekana unaona visanduku vitupu, na kila herufi moja inakuwa kisanduku kimoja. Hapa ritifaa moja imezaa herufi tatu. Fonti haizai.

Mwandishi wa Usiku #6
Ah. Nimechelewa kuiona #5. Nimeshafanya ya #4 kwenye sura ya 3, kwa ile programu yangu ya zamani ya kuhariri. Nimefungua tena, sasa inasoma hivi: ngÃ¢â‚¬â„¢ombe. Imekua.

Kidole Tumbo #7
Ng'ombe kazaa. Hongera.

Fundi Mitambo #8
Ajabu. Kwangu huwa inafanya kazi.

Tarishi #9
Kwako inafanya kazi kwa sababu unafungua faili ambalo programu imelisoma sawasawa, kisha unalibadilisha. Yeye kafungua faili ambalo programu imelisoma VIBAYA, akaiambia ihifadhi kile inachokiona. Na inachokiona ni â, € na ™. Ikatii.

Mwandishi, tuanzie kwenye baiti, kwa sababu macho yanadanganya. Kama uko Windows, fungua PowerShell kwenye folda hiyo uandike:

```
Format-Hex .\sura2.txt
```

Fanya hivyo kwa sura ya 2 ambayo hukuigusa, ya 3 uliyoiharibu, na ya 4. Tafuta neno lolote lenye ng', uniletee baiti zinazofuata baada ya 6E 67. Hizo mbili ndizo n na g.

Mama Subira #10
Hili limenitesa miaka. Mimi si mwandishi, natunza orodha za majina kwenye Excel. Nikipakua orodha kutoka kwenye mfumo ikiwa .csv, nikiigonga mara mbili ifunguke, majina yote yenye herufi za wageni yanakuwa vituko. José anakuwa JosÃ©. Nilikuwa nawarekebisha mmoja mmoja kwa mkono, na nikihifadhi, mfumo unayakataa.

Tarishi #11
Mama Subira, ni ndugu wa ugonjwa huohuo. Usiigonge mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, na pale kwenye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8). Utamwona José mzima kabla hata hujabonyeza Load.

Mama Subira #12
Nimemwona! Asante. Nafikiria saa nilizopoteza nikimfuta yule Ã.

Mwandishi wa Usiku #13
Tarishi, majibu haya hapa. Baada ya 6E 67:

```
sura2:  E2 80 99
sura3:  C3 A2 E2 82 AC E2 84 A2
sura4:  EF BF BD
```

Tarishi #14
Safi. Sasa tunajua nani hai, nani mgonjwa, nani marehemu.

Sura ya 2 haina tatizo lolote. E2 80 99 ndiyo ritifaa iliyopinda, ile ambayo Word hukupachikia yenyewe ukiandika ', na imeandikwa kwa UTF-8 sahihi kabisa. UTF-8 huiandika kwa baiti tatu. Programu ya zamani haijui hilo, inadhani kila baiti ni herufi moja kwa mpangilio wa Windows-1252. Kwenye mpangilio huo E2 ni â, 80 ni €, 99 ni ™. Kwa hiyo faili ni zima, msomaji ndiye kipofu. Usiligeuze. Lifungue kwa programu inayosoma UTF-8, basi.

Sura ya 3 ilikuwa hivyohivyo, ila ulipoihifadhi "upya kwa UTF-8", zile â € ™ tatu zikaandikwa kama herufi halali, kila moja kwa baiti zake. Ndiyo maana baiti 3 zimekuwa 8. Inaponyeka, kwa kuirudisha njia ileile iliyojia.

Sura ya 4 ndiyo msiba. EF BF BD ndiyo ile alama ya kialmasi yenyewe, imeshaandikwa ndani ya faili. Yule aliyekuwa hapo mwanzo hayupo tena.

Swali: sura ya 1 hadi ya 3 ulizihifadhi kwa njia moja na ya 4 na ya 5?

Mwandishi wa Usiku #15
Hapana. Tatu za mwanzo nilinakili kutoka Word nikabandika kwenye Notepad ya kompyuta mpya, nikahifadhi. Ya 4 na ya 5 nilitumia Word yenyewe, kuhifadhi kama Plain Text. Kilitokea kidirisha, nikabonyeza OK. Ya 4 nikaifungua baadaye kwenye kompyuta mpya, nikasahihisha makosa kama matatu, nikahifadhi.

Tarishi #16
Hapo hadithi imekamilika. Notepad, tangu Windows 10 toleo la 1903 la mwaka 2019, huhifadhi kwa UTF-8 bila kukuuliza. Kabla ya hapo ilikuwa ANSI, ambayo kwa kompyuta nyingi ndiyo hiyo Windows-1252. Kwa hiyo tatu za kwanza zikatoka UTF-8.

Kile kidirisha cha Word huja kikiwa kimechagua Windows (Default). Hapo ritifaa iliyopinda inaandikwa kwa baiti moja tu, 92. Ulipoifungua sura ya 4 kwa programu iliyotarajia UTF-8, ikakuta 92 imesimama peke yake. Katika UTF-8 baiti hiyo haiwezi kuanza herufi. Programu ikaweka kialmasi kukuambia "hapa sikuelewa". Mpaka hapo ungefunga bila kuhifadhi, usingepoteza kitu. Ulipohifadhi, kialmasi kikachukua nafasi ya 92.

Na sura ya 5: mpangilio wa Windows-1252 hauna hati ya Kiarabu kabisa. Word ilikuonyesha maneno mekundu kwenye kile kidirisha na onyo kwamba yaliyo mekundu hayatahifadhika sawasawa. Ukabonyeza OK. Ikaweka 3F, ambayo ni alama ya kuuliza ya kawaida.

Kidole Tumbo #17
Nani anasoma kidirisha cha Word? Mimi OK naibonyeza kabla hakijamaliza kufunguka.

Simu Mbovu #18
Na mimi simu yangu inaonyesha visanduku mtu akinitumia vile vikatuni vipya vya uso. Nibadilishe usimbaji?

Chapa Nene #19
Simu Mbovu, hiyo NDIYO fonti. Angalau leo nimepatia moja.

Mkalimani #20
Naomba kuuliza tofauti. Kwa nini tuhangaike na ritifaa iliyopinda? Ile iliyonyooka, ' ya kwenye kibodi, ni baiti 27 kwenye ASCII, kwenye Windows-1252 na kwenye UTF-8. Kwa zote tatu ni ileile. Kwenye Word zima lile tiki la "Straight quotes" with "smart quotes" ndani ya AutoFormat As You Type, na ng'ombe hataugua maisha yake yote. Au ukishaandika, bonyeza Ctrl+Z papo hapo, inarudi kunyooka. Mimi natafsiri kwa Kiswahili miaka mingi na ndiyo kinga yangu pekee.

Tarishi #21
Kinga nzuri kwa ng'ombe, ila inaficha ugonjwa. Faili lako likiwa na herufi za ASCII tupu, liko sahihi kwa Windows-1252 na kwa UTF-8 vilevile, kwa hiyo hutajua kwamba njia unayopitia imekosewa. Siku utakapoandika jina lenye é au mstari wa hati ya Kiarabu, ndipo utakapogundua.

Mkalimani #22
Siku hiyo ikifika nitakuita. Kwa sasa nina ng'ombe wazima.

Nyuki wa Usiku #23
Kuna ubaya mwingine ambao hamjautaja, nao unanitisha kuliko vialmasi. Hiyo 92 ikisomwa kwa ISO-8859-1 halisi, inakuwa alama ya udhibiti isiyoonekana. Halafu mfumo mwingine unaifuta, maana "haina kazi". Unabaki na "ngombe" na "kungoa" bila dalili yoyote kwenye ukurasa. Kosa la tahajia tu, utadhani mwandishi hajui kuandika. Na ngoa na ng'oa ni maneno mawili tofauti.

Mwandishi wa Usiku #24
Mtu wa kurasa alishaniuliza kama najua tahajia 😭
Turudi kwenye sura ya 3. Narudishaje?

Tarishi #25
Ukiwa na programu ya iconv ni mstari mmoja. Unaiambia isome UTF-8, iandike kwa Windows-1252. Matokeo yake, kwa bahati, ni zile baiti za UTF-8 za mwanzo:

```
iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 sura3.txt > sura3_nzuri.txt
```

Nyuki wa Usiku #26
Tarishi, kamwambie pia asiiendeshe kwenye PowerShell ya zamani. Kwenye 5.1 alama ya > huandika faili kwa UTF-16. Atatoka shimo moja kuingia jingine. Atumie Python.

Tarishi #27
Kweli, hiyo nimepitiwa. Python basi, ambayo Windows-1252 huiita cp1252:

```
s = open('sura3.txt', encoding='utf-8').read()
s = s.encode('cp1252').decode('utf-8')
open('sura3_nzuri.txt', 'w', encoding='utf-8').write(s)
```

Mwandishi wa Usiku #28
Imegoma mstari wa pili. Inasema:

```
'charmap' codec can't encode character '\x9d'
```

Fundi Mitambo #29
Faili limeoza hilo. Andika upya.

Tarishi #30
Halijaoza, Fundi. Hilo kosa lenyewe ni habari njema. Alama ya kufungua semi iliyopinda ni E2 80 9C, ya kufunga ni E2 80 9D. Windows-1252 haina herufi kwenye nafasi ya 9D, ni moja ya nafasi tano zilizoachwa tupu. Mwandishi, tazama: bila shaka kwenye sura ya 3 mwanzo wa mazungumzo unaona â€œ, herufi tatu, lakini mwisho wake unaona â€ tu, kama vile kuna kitu kimekatika.

Mwandishi wa Usiku #31
Ndivyo ilivyo! Nilidhani nimefuta mwenyewe.

Tarishi #32
Haikukatika. Windows inapokutana na 9D huipitisha kama alama isiyoonekana, ndiyo hiyo '\x9d' Python inayolalamikia. Python ni mkali zaidi, haikubali kubuni. Tuisaidie: herufi yoyote yenye namba chini ya 256 iende kama baiti ilivyo, nyingine zipite kwenye cp1252.

```
b = b''.join(bytes([ord(c)]) if ord(c) < 256
             else c.encode('cp1252') for c in s)
s = b.decode('utf-8')
```

Weka hiyo badala ya ule mstari wa pili.

Mwandishi wa Usiku #33
IMEKUBALI. Ng'ombe wote wamerudi zizini, na mazungumzo yamefungwa. Sura ya 3 imepona.

Kidole Tumbo #34
Fundi Mitambo yuko wapi? Tuletee kalamu, tulikuwa tunaanza kuandika upya.

Fundi Mitambo #35
Nipo, nasoma. Ila niulize: mbona kwangu kuna faili moja nilifanya hiyo ya encode na decode, ikakataa kwa kosa jingine? Ilisema invalid start byte, 0x92.

Nyuki wa Usiku #36
Faili lako lina mchanganyiko. Mistari mingine imeharibika, mingine mtu ameshaiandika vizuri juu yake, na ile ritifaa nzima ukiipeleka cp1252 inakuwa 92 pekee yake, UTF-8 haiielewi. Fanya mstari kwa mstari: ukikubali chukua uliogeuzwa, ukikataa acha kama ulivyo. Kuna pia maktaba ya Python iitwayo ftfy inayofanya uamuzi huo kwa kila kipande, ingawa mazoea yake inanyoosha na alama zote zilizopinda. Kwa hadithi iliyopangwa vizuri unaweza usipende.

Mkalimani #37
Mimi ndiyo ningependa 😄

Mwandishi wa Usiku #38
Nimebakiwa na marehemu wawili. Sura ya 4 nimehesabu vialmasi 212.

Tarishi #39
Kabla ya kuzika: ile .txt ya Word ya kwanza kabisa, kabla hujasahihisha, hukuituma mahali? Barua pepe iliyokwenda ina nakala ya baiti zilezile.

Mwandishi wa Usiku #40
Niliyotuma ni iliyosahihishwa. Hakuna nyingine.

Mkalimani #41
Kiswahili kinakusaidia hapa. Kialmasi kikifuata "ng" na kikatangulia irabu au w, ni ritifaa, hakuna uwezekano mwingine. Badilisha zote hizo kwa pamoja. Zinazobaki ni semi na vistari, na hizo utazitambua kwa mahali zilipokaa: mwanzo wa neno baada ya nafasi ni kufungua, baada ya nukta au koma ni kufunga, na kikiwa kimesimama na nafasi pande zote mbili ni kistari.

Mwandishi wa Usiku #42
Nimefanya ya kwanza kwa utafutaji huu:

```
ng�(?=[aeiouw])
```

Zimeondoka 171 kwa mpigo. Zimebaki 41, nazitazama kwa macho. Moja imenichekesha: "vialmasi" viwili vilivyofuatana, nadhani mhusika alifungua semi ndani ya semi.

Nyuki wa Usiku #43
Mbinu hiyohiyo ingefaa hata kama zingekuwa ? za kawaida, maana ng?o katikati ya neno si swali. Lakini kwa majina ya Kiarabu ya sura ya 5 sahau. Kila herufi imekuwa ? ileile. Unajua idadi ya herufi tu. Yangekuwa yanasoma Ø§Ù„ na vitu vya namna hiyo ningekuambia furahi, maana Ø na Ù nyingi ni Kiarabu kilicho hai ndani ya UTF-8, kimevaa nguo za mtu.

Mwandishi wa Usiku #44
Majina ni kama thelathini. Nitayaandika upya. Sasa, nimpelekee mtu wa kurasa kwa namna gani isijirudie?

Tarishi #45
Kwenye kile kidirisha cha Word usikubali Windows (Default). Chagua Other encoding, halafu Unicode (UTF-8), uone kama wekundu umepotea. Kisha mwandikie kwenye barua yenyewe kwamba faili ni UTF-8, kwa sababu faili la maandishi matupu halibebi jina la usimbaji wake popote. Anayefungua anabahatisha.

Mama Subira #46
Kwenye Excel kuna CSV UTF-8 pale unapohifadhi. Tangu nitumie hiyo, faili likirudi kwangu hata nikiligonga mara mbili linafunguka vizuri. Kwa nini?

Tarishi #47
Kwa sababu inaweka baiti tatu mwanzoni, EF BB BF, kama muhuri wa UTF-8. Excel ikiuona inaacha kubahatisha. Mwandishi, kama mtu wako ana programu za zamani, hifadhi na muhuri huo. Kwenye Notepad unaitwa UTF-8 with BOM.

Nyuki wa Usiku #48
Hapa napinga kabisa. Muhuri huo ni sumu kwa programu zisizoutarajia. Nimewahi kukesha nikitafuta kwa nini safu ya kwanza ya jedwali haionekani, kumbe jina lake lilikuwa ï»¿id badala ya id. Tuma UTF-8 tupu, na anayeshindwa kuisoma abadilishe programu.

Tarishi #49
Wewe unatuma kwa mashine. Yeye anatuma kwa mtu.

Nyuki wa Usiku #50
Na mtu anafungua kwa mashine.

Fundi Mitambo #51
Kwenye Notepad++ je? Menyu ya Encoding ina UTF-8 na chini yake Convert to UTF-8. Nimekuwa nikichagua yoyote.

Tarishi #52
Ndiyo hasa kosa la #4. Ile ya juu inasema "zisome baiti hizi kama UTF-8", ya Convert inasema "kiandike upya hiki ninachokiona". Kinachoonekana kikiwa kibovu, anza na ya juu. Kikishanyooka, ndipo Convert ukitaka. VS Code inazitenganisha kwa uwazi zaidi: ukigonga jina la usimbaji pale chini inakuuliza Reopen with Encoding au Save with Encoding.

Kidole Tumbo #53
Kwa hiyo Fundi "kila siku" amekuwa akibahatisha 😂

Fundi Mitambo #54
Na kwa kawaida napatia.

Mwandishi wa Usiku #55
Nimetuma sura ya 1 hadi ya 4, bila muhuri, Tarishi samahani na Nyuki asante, maana sijui nani yuko sahihi. Mtu wa kurasa kajibu: ng'ombe anawaona, ila anauliza kwa nini mstari wa kwanza wa sura ya 2 una nafasi pana kuliko mingine. Baiti zake ni C2 A0. Hiyo nayo ni nini?

Nyuki wa Usiku #56
Nafasi isiyovunjika. Umenakili kutoka ukurasa wa mtandao?

Mwandishi wa Usiku #57
...ndiyo. Nukuu ya ufunguzi.